Tupeane uzoefu: lambo lililokauka, lililovuja, lililopasuka

Mkulima wa Mkata: Ndugu zangu, jana nimepita kwenye lambo la jirani yangu nikaona nyufa kwenye tope pale ambapo mwezi mmoja uliopita ng'ombe walikuwa wanakunywa. Nami nimekwisha pima eneo la kuchimba langu kabla ya vuli. Naomba waliowahi kuchimba, hasa Handeni, Kilindi na Mkinga, mnieleze yaliyowapata, mabaya kuliko mazuri.

Bi Mdogo wa Pangani: Mimi nilivuna mvua ya paa. Bati langu lina ukubwa wa mita za mraba 50 hivi, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua moja nzuri ya milimita 40 ingenipa lita 2,000, lakini nilipata kama 1,600 kwa sababu gata lilijaa majani ya mwembe na maji mengine yakamwagikia ukutani. Je, gata la plastiki ni bora kuliko la bati?

Mkulima wa Mkata: Ahsante, dada, ila mimi nauliza kuhusu lambo la shambani.

Mfugaji Mstaafu: Langu halikupasuka, lilikauka. Tulichimba kwenye bonde lenye mchanga, likajaa vizuri mwezi wa 11, na kufikia Krismasi lilikuwa tupu. Fundi alisema ni jua. Jua linakausha, sikatai, lakini halimalizi mita moja na nusu za maji kwa wiki sita. Msimu uliofuata nikaleta udongo wa mfinyanzi kutoka kwenye kichuguu na kwenye mbuga ya jirani, nikautandaza, nikaunyunyizia maji na kuwafungia ng'ombe humo kwa siku kadhaa wakanyage. Sasa maji yananifikisha mwezi wa pili. Kabla ya kuchimba, chukua udongo wa chini uliolowa, uviringishe mkononi uwe kama mnyoo. Ukikatika kabla haujawa mwembamba kama penseli, hama mahali hapo.

Kijana wa Korogwe: Ng'ombe ni mambo ya zamani, mzee wangu. Tandika nailoni nzito chini na kazi imekwisha.

Mfugaji Mstaafu: Tandika, mwanangu, kisha ng'ombe mmoja aingie kunywa na kwato zake. Utaniambia.

Msimulizi wa Sindeni: Nilikuwa sitaki kuliandika hili, lakini neno "lililopasuka" limenirudisha mbali. Mwaka 2016 familia yetu na majirani wanne tulijenga tuta la mita tatu kwenda juu na mita 40 kwa urefu, kuziba korongo linalopita chini ya mashamba yetu. Fundi aliyetusimamia alituchimbia utoro wa maji, yaani njia ya kupitisha maji yanayozidi, upande wa kushoto, kwenye ardhi ngumu isiyochimbuliwa, upana mita nne, na sakafu yake ilikuwa sentimita 80 chini ya mgongo wa tuta. Alituonya tusiuguse. Kiangazi cha 2018 kilitutesa, lambo likakauka mwezi wa tisa, na mmoja wetu akatoa hoja kwamba maji mengi tunayamwaga bure kwa kupitia ule utoro. Hoja ilikuwa tamu. Tukajaza mchanga kwenye mifuko ya sandarusi na kuuziba kwa kimo cha nusu mita. Masika yaliyofuata lambo lilijaa kuliko miaka yote, tukajisifu.

Ikaja vuli ya 2019, ile iliyokata barabara na madaraja Handeni. Usiku ule mvua haikupumua. Saa nane za usiku kaka yangu aliniamsha, tukaenda na tochi. Maji yalikuwa yamefika mgongoni mwa tuta na yalikuwa yameanza kuvuka katikati, pale ng'ombe walipozoea kupita, mahali ambapo udongo ulikuwa umetitia bila sisi kutambua. Kijito chenyewe hakikuzidi upana wa mkeka. Tukakimbilia utoroni kuondoa mifuko. Tulitoa miwili, wa tatu ukamvuta kaka yangu majini mpaka kiunoni, tukaacha. Tuliporudi katikati, maji hayakuwa yakila mgongo. Yalikuwa yakila chini, kwenye mteremko wa nje, udongo ukiporomoka vipande vipande na shimo likipanda kuja juu kutufuata. Haikuchukua nusu saa. Sauti yake ilikuwa kama lori linalomwaga kokoto. Shamba la mahindi la mjomba wangu lililokuwa bondeni lilibaki mchanga mtupu, na mbuzi sita waliofungwa kwenye zizi hawakuonekana tena. Mtu hakufa, kwa rehema za Mungu tu.

Kijana wa Korogwe: Pole sana, kaka. Hapo kosa ni la fundi, tuta lilikuwa fupi. Mngeongeza mita moja juu.

Fundi wa Makorongo: Si kweli, kijana, na dhana hiyo ndiyo inayobomoa malambo mengi. Chukua bonde linalokusanya maji kutoka hekta 80. Mvua ya milimita 50 ikinyesha na theluthi yake tu ikatiririka, lambo linaletewa zaidi ya mita za ujazo 13,000 kwa mkupuo mmoja, wakati lambo la familia linabeba labda 4,000. Tuta halitakiwi kushindana na mvua hiyo. Linatakiwa kubaki na sehemu yake na kuipisha iliyobaki. Nanyi mnaona kwamba mlipunguza utoro kutoka sentimita 80 hadi 30, yaani zaidi kidogo ya nusu. Maji hayahesabu hivyo. Kimo kikipungua, mkondo unakuwa mwembamba na pia unapoteza kasi, kwa hiyo utoro wenu ulibaki na uwezo chini ya robo ya ule wa awali. Fundi wenu alipima sawasawa. Kosa lake, kama lipo, ni kutomwagilia na kushindilia udongo kwa tabaka za sentimita 15 au 20, maana tuta lililotitia katikati halikushindiliwa vizuri.

Msimulizi wa Sindeni: Tulishindilia kwa miguu na magogo. Katapila lilikuwa ghali.

Mama Miembe: Sisi tulipanda miembe juu ya tuta ili mizizi ishike udongo, na mpaka leo lipo imara.

Fundi wa Makorongo: Mama yangu, mwembe ukifa, mzizi unaoza na kuacha bomba ndani ya tuta. Panda ukoka.

Mama Miembe: Ukoka haunipi maembe.

Mkulima wa Mkata: Fundi, nikitaka kutoa maji kwa bomba lililopita ndani ya tuta?

Fundi wa Makorongo: Ningepitisha mpira juu ya tuta, nikavuta maji yashuke yenyewe. Bomba lililofukiwa baadaye huacha njia ya maji ubavuni mwake. Ukiona unyevu chini ya tuta na maji yanayotoka ni meupe, endelea kuyachunguza kila siku. Yakianza kutoka na tope, tuta linaliwa ndani, punguza maji siku hiyohiyo.

Mfugaji Mstaafu: Mimi nimefukia bomba tangu zamani na halina tatizo. Nilizungushia saruji.

Msimulizi wa Sindeni: Tulijenga upya mwaka 2021, utoro sasa una upana wa mita nane na tumeupanda ukoka. Mjomba bado haongei nasi vizuri. Na mwezi uliopita, kwenye kikao cha lambo, kijana mmoja ambaye mwaka 2019 alikuwa shule ya msingi aliuliza kwa nini tunamwaga maji mengi hivyo pembeni, na watu wawili walimwitikia.

Bi Mdogo wa Pangani: Na gata, jamani?