Tupeane uzoefu: ratiba ya hafla ya wafanyakazi na dakika zinazopotea kati ya msemaji na msemaji

Mwanzisha mada (Mtwara Mjini)
Habari za kazi, wadau. Niko kwenye kamati ya hafla ya kuwaaga wastaafu, na ninaomba uzoefu wenu kuhusu muda wa wasemaji. Hafla iliyopita ilianza saa 4:00 kamili, na ratiba ilikuwa hivi: dua na utambulisho dakika 15, ukaribisho 10, risala 10, wastaafu watatu dakika 10 kila mmoja, mkuu wa idara 10, zawadi 30, mkurugenzi kumkaribisha mgeni rasmi 5, na mgeni rasmi 25. Tulitarajia kumaliza saa 6:15, kabla ya adhuhuri. Kwa bahati kila msemaji aliheshimu muda wake, lakini mgeni rasmi alisimama saa 6:08 badala ya saa 5:50, na adhana ikamkuta katikati ya hotuba, huku nusu ya ukumbi ikianza kunyanyuka. Dakika hizo zilikwenda wapi?

Mdau wa Newala
Dawa yake ni kuwapunja. Ukitaka mtu aongee dakika 10, mwandikie 5, kwa sababu Waswahili hatuzoei kukatishwa. Mimi hufanya hivyo kila mwaka na hatujawahi kuchelewa sana.

Katibu muhtasi mstaafu (Lindi)
Mwanangu wa Mtwara, jumlisha dakika zako: zinafika 135, yaani muda wote kuanzia saa 4:00 hadi 6:15 umeugawa kwa maneno tu. Una matukio kumi, kwa hiyo kuna makabidhiano tisa kati yake. Mtu aitwe, apigiwe makofi, atoke nyuma ya ukumbi, kipaza sauti kirekebishwe, kisha aanze kuitaja meza kuu cheo kwa cheo. Kwa wastani hapo zinakwenda dakika mbili kila mara. Mbili mara tisa ni 18, na ndizo hizo ulizochelewa.

Ningekuwa mimi, nisingemwondoa mstaafu hata mmoja, kwani siku ni yao. Ningeunganisha neno na zawadi: kila mstaafu aitwe mara moja, aseme kwa dakika 8, kisha apokee zawadi yake hapo hapo kwa dakika 5. Meza ya zawadi iwekwe mbele ya mgeni rasmi ili asimame tu alipo, na familia ya mstaafu ikae safu ya kwanza. Dakika 60 za maneno na zawadi zinakuwa 39, makabidhiano yanabaki manane, na ukijumlisha yote unapata 130. Mgeni rasmi anasimama saa 5:45, na bado una dakika 5 za akiba.

Jambo la pili, andika ratiba mbili. Ya wageni iwe na saa ya kuanza kila tukio na mhusika wake tu. Ya mshereheshaji iongezewe dakika za tukio, mahali mhusika alipoketi, na jina la anayefuata, ambaye hukaa kiti cha karibu na jukwaa mwenzake anapoanza kusema. Mshereheshaji naye asirudie yaliyosemwa. Sentensi mbili za kumwita anayefuata zinatosha, na itifaki itajwe kikamilifu na msemaji wa kwanza.

Ndugu wa Newala, kupunja kunamfikia mnyonge peke yake. Msoma risala atatii, atakata madai ya wafanyakazi ili aingie kwenye dakika 5, lakini mkubwa hatatazama ratiba yako. Ni bora risala isomwe kwa sauti siku moja kabla, mkiwa na saa mkononi. Ukurasa uliojaa huchukua dakika tatu hadi nne, hivyo kurasa tano haziingii kwenye dakika 10 hata asome mbio.

Mdau wa Masasi
Sisi shida yetu ilikuwa kwaya ya wafanyakazi. Naona mada inahusu wasemaji, lakini nasema kwa sababu nao wamo kwenye ratiba. Tuliwaandikia dakika 10, wakaingia kwa wimbo, wakajipanga, wakaimba, wakatoka kwa wimbo. Mwaka uliofuata tuliandika “wimbo mmoja, wakiwa wameshajipanga”, na muda ukakaa sawa.

Mwanzisha mada (Mtwara Mjini)
Ahsante sana, mama. Wazo la kuunganisha neno na zawadi nitalipeleka kwenye kamati. Limebaki moja: mgeni rasmi akizidisha, nani amjulishe?

Katibu muhtasi mstaafu (Lindi)
Mimi nilikuwa nampitishia msaidizi wake kikaratasi chenye saa peke yake, kikiandikwa “6:05”, bila neno lingine.

Mdau wa Newala
Hapo sikubaliani nawe, mama. Mgeni rasmi hapelekewi karatasi mbele ya watumishi. Akubaliane na mkurugenzi wakiwa ofisini kabla ya kuingia ukumbini, na akizidisha, aachwe amalize.

Katibu muhtasi mstaafu (Lindi)
Na wanaotakiwa kwenda kuswali?