Mrejesho: Wasifu wa kazi wa msusi

Niliuliza: "Kwenye wasifu wangu wa kazi ya ususi, suala la usafi niliandikeje?"

Nawashukuru mlionijibu. Maneno "nazingatia usafi" niliyaondoa, na badala yake nikaeleza kwamba vitana huondolewa nywele, huoshwa kwa sabuni, kisha hulowekwa katika dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Mwenye saluni aliyenisaili alianzia hapo hapo, akauliza kwa nini sabuni itangulie; nikajibu kwamba dawa haifanyi kazi vizuri juu ya uchafu. Wateja wa kudumu sikuwataja majina, bali niliandika kuwa wengi hurudi kufumua na kusuka upya rasta au twende kilioni. Cheti cha VETA alikitazama mwishoni, tena kwa haraka, kisha akaniambia nisuke kichwa kimoja mbele yake. Naanza kazi Jumatatu.