Katuma skani ya Kifaransa, kaandika "tafsiri" basi

Wakuu naombeni ushauri, nina steshenari hapa Kirumba, mteja kanirushia Wasapu skani ya cheti cha kuzaliwa cha Burundi, Kifaransa kitupu, chini kaandika "tafsiri" halafu simu haipatikani. Yeye tunachati Kiswahili, ila cheti si cha kujisomea, kama anaombea chuo nje si atataka Kiingereza? Nimeanza Kiswahili rasmi, mistari na jedwali vikae kama kwenye orijino, penye muhuri naandika [muhuri wa mviringo], saini vilevile, mwaka ulioandikwa kwa maneno nauacha kwa maneno. Kuna herufi ya jina imefunikwa na muhuri, nimeweka [haisomeki], kubahatisha jina la mtu sithubutu. Niendelee au nimsubiri aseme anapeleka wapi?