Meneja anataka sentensi tatu tu za hali ya mashine ya korona, naomba msaada kabla ya saa nne usiku

Mkonge_Muheza

Habari za jioni wakuu. Mimi ni msimamizi wa matengenezo kwenye kiwanda cha mkonge huku Tanga. Jumatatu usiku beringi kuu ya ngoma ya korona, mashine yetu ya kusaga majani ya mkonge kutoa nyuzi, iliungua. Tukafungua, tukakuta beringi imezunguka juu ya shafti na kuila: pale panapotakiwa milimita 100, maikromita ilisoma 99.6. Beringi mpya, namba 22220, niliiagiza Dar nikaipokea stendi ya Kange jana mchana. Shafti nikaipeleka kwa fundi mchongaji Ngamiani aijaze kwa kuchomelea kisha aichonge upya.

Jana saa tano usiku meneja aliniuliza wasapu, "Korona imefikia wapi?" Nikamwandikia kirefu, karibu skrini nzima: jinsi beringi ilivyopatikana, basi lilivyochelewa, visu vya ngoma tulivyovihesabu, mpaka sili niliyoibadilisha. Habari ya shafti ilikuwa mwishoni, nikasema "iko kwa fundi anaimalizia kidogo".

Leo alfajiri akapeleka wakataji shambani. Saa sita mchana trela nne za majani zimesimama uwanjani na korona iko wazi, ngoma imelala chini. Mnaojua mkonge mnaelewa: jani likikatwa linataka kusagwa mapema. Likikaa juani linakauka, nyama haiachii vizuri, na nyuzi zinatoka na madoa.

Hakunifokea. Jioni hii ameandika tu: "Korona imefikia wapi? Nijibu kwa sentensi tatu." Nimeandika hivi, sijatuma:

"Shikamoo mzee. Kazi inaendelea vizuri, beringi tayari na shafti imeshajazwa, fundi anamalizia kuchonga. Kulikuwa na tatizo la umeme ila limeshughulikiwa. Tunategemea kuwasha kesho Mungu akijalia."

Iko sawa?

---

Babu_wa_Korogwe

Ungeweka asilimia mwanangu. Mameneja wanapenda namba. Beringi imefika, shafti imejazwa, ngoma imesafishwa, sili mpya ipo. Hiyo ni asilimia 80. "Mzee, tuko asilimia 80", sentensi moja, na mbili zimebaki za salamu.

---

DadaRipoti

Kaka, tengeneza fomu. Juu tarehe, halafu jedwali: kazi, mhusika, maendeleo, changamoto, mapendekezo. Kila Ijumaa unajaza, meneja anasaini, nakala inabaki kwenye faili. Hapo hakuna atakayekulaumu tena. Nikupe mfano wa tunayotumia?

---

Mkonge_Muheza

Asante dada, ila hii si ripoti ya wiki. Anasubiri jibu usiku huu, kwa kazi moja tu.

---

Mama_Pongwe

Nimesimamia matengenezo miaka mingi, kiwandani na baadaye kwenye magari, na nimekuwa upande wa anayeuliza vilevile. Nianze na asilimia za Babu, maana hilo ndilo litakaloiumiza kazi yako tena. Namba anazitaka, ni kweli, lakini korona yenye asilimia 80 inasaga majani mangapi? Hakuna. Meneja akisikia 80 anahesabu siku nne kati ya tano, anaona kesho. Kumbe kilichobaki ndicho kinachozuia vyote. Namba anayoihitaji ni siku na saa ambayo jani la kwanza linaweza kuingia.

Sasa soma rasimu yako kwa jicho la mtu aliyeshika simu ya wakataji. "Beringi tayari." Tayari ipi? Imeshafika, au imeshafungwa? Kwa Kiswahili chetu neno hilo linabeba yote mawili, na msomaji huchukua lile analolitamani. "Anamalizia kuchonga": umeona chuma kiko kwenye mashine, au umeambiwa kwa simu? "Tatizo la umeme limeshughulikiwa": na nani, na umeme umerudi? "Kesho" nayo: jana uliandika saa tano usiku, yeye kasoma alfajiri. Kesho yako ilikuwa leo yake. Andika jina la siku.

Kabla ya kuandika chochote, jiulize anasubiri jibu hili ili aamue nini. Kwako ni wazi, anaamua wakataji waingie shambani au wasiingie. Na leo limeongezeka la pili, hizo trela nne. Nijibu haya: shafti iko katika hali gani uliyoiona kwa macho? Fundi ameahidi lini? Na shafti ikifika, mnahitaji saa ngapi?

---

Mkonge_Muheza

Nimetoka kwake saa kumi na moja jioni. Imejazwa kweli, nimeigusa, ila haijachongwa hata kidogo. Umeme ulikatika mtaani kwake tangu saa saba na nilipoondoka ulikuwa haujarudi. Ameahidi Ijumaa saa nne asubuhi kama umeme utakuwepo. Kuirudisha shambani ni saa moja na nusu, kufunga na kunyoosha saa nne, halafu lazima izunguke bila majani saa mbili huku tukisikiliza joto la beringi.

---

Mama_Pongwe

Umesikia mwenyewe? Saa nne, ongeza moja na nusu, ongeza nne, ongeza mbili. Ni saa kumi na moja na nusu jioni ya Ijumaa, na hapo kila mtu atimize ahadi. "Tunategemea kuwasha kesho" ingekuwa kweli kwako wewe fundi, maana ngoma ingezunguka jioni. Yeye angeisoma "kesho tunasaga".

---

Wakala_Bandarini

Mama amegusa kidonda changu. Mimi natoa mizigo bandari ya Tanga. Mwaka juzi bosi aliuliza kontena limefikia wapi, nikajibu "limetoka". Nilimaanisha limetoka melini. Yeye akaelewa limetoka getini, akatuma lori mbili kutoka Arusha. Zililala siku mbili nje, na madereva wanataka posho. Tangu hapo situmii "limetoka" peke yake. Naandika "limeshushwa, liko yadi, kibali bado".

---

Mtu_wa_Chumbageni

Mimi napinga kidogo. Bosi wangu ukimpa sentensi tatu anakuuliza maswali kumi. Bora nimwandikie yote mara moja, atachagua mwenyewe.

---

Mama_Pongwe

Mtu wa Chumbageni, maswali kumi yakija ujue zile tatu hazikujibu lake. Ingawa wapo mabosi wa aina hiyo, sikatai. Huyu wa Muheza ameomba tatu mwenyewe, na jana alipopewa yote alichagua beringi.

Kijana, mpango wangu ni huu. Sentensi ya kwanza iseme mashine inafanya kazi au haifanyi, na maana yake kwa wakataji. Ya pili iseme kitu kimoja kinachozuia, kiko kwa nani, na utenganishe uliyoyaona na uliyoahidiwa. Ya tatu iseme lini mapema kabisa, kwa sharti gani, na unataka nini kwake. Sili, visu na basi la Dar viache, akivitaka atauliza.

---

Babu_wa_Korogwe

Nimekubali la asilimia. Lakini "Mungu akijalia" msimwondolee, sisi ni watu wa pwani. Hatupangi kesho kwa ukavu hivyo.

---

Mama_Pongwe

Abaki nayo Babu, na mimi huandika inshallah. Ila isikae mahali pa sharti analolijua. Sharti hapa ni umeme wa Ngamiani, autaje kwanza.

---

Mkonge_Muheza

Nimejaribu tena:

"Shikamoo mzee, korona haifanyi kazi na haitasaga kesho Ijumaa, kwa hiyo naomba wakataji wasiingie shambani. Beringi ninayo, kinachozuia ni shafti: leo saa kumi na moja nimeiona Ngamiani imejazwa lakini haijachongwa kwa sababu ya umeme, na fundi ameahidi Ijumaa saa nne asubuhi umeme ukirudi. Akitimiza, mapema kabisa tutasaga Jumamosi asubuhi inshallah, na zile trela nne haziwezi kusubiri hadi hapo, naomba uamue usiku huu kama ziende korona ya shamba jirani."

---

Wakala_Bandarini

Ya pili ndefu. Umebana sentensi mbili ndani ya moja.

---

Mama_Pongwe

Ni ndefu kweli, lakini kila kipande kina kazi yake. Ningekata "beringi ninayo", maana jana ndiyo iliyompoteza. Hapo sina uhakika sana, kwa sababu akisikia shafti tu anaweza kudhani beringi nayo haijafika, akaanza kupiga simu Dar. Wewe unamjua, amua. Kingine, ongeza saa utakayompa habari tena, la sivyo atakuuliza kila nusu saa nawe uko chini ya ngoma.

---

Mkonge_Muheza

Beringi nimeiacha. Mwishoni nimeongeza "nitakupigia Ijumaa saa tano, nikishaipima shafti". Nimetuma saa tatu na nusu.

---

Mkonge_Muheza

Amejibu baada ya dakika chache: "Nimeongea na jirani. Trela ziondoke saa kumi na moja alfajiri. Wakataji wataenda kwenye palizi."

---

Mtu_wa_Chumbageni

Hakuuliza swali hata moja?

---

Mkonge_Muheza

Hakuuliza usiku ule. Leo Ijumaa saa tano nimempigia kama nilivyoahidi: umeme umerudi saa tatu, shafti bado iko kwenye mashine. Saa sita na robo ndiyo nimeipima, milimita 100.02, na beringi inataka ikaze hivyo. Nikamwandikia kwamba tumechelewa saa mbili lakini Jumamosi asubuhi imebaki palepale, ila tutajaribu mashine jioni kuingia usiku.

Sasa ameuliza jingine: kwa nini beringi iliungua. Nimeona sili ya zamani imekatika, maji na utomvu wa mkonge vimeingia na grisi imegeuka uji. Na grisi mwezi uliopita haikuwekwa, zamu ilikuwa ya kijana wangu. Hilo nalo niliweke kwenye sentensi tatu?

---

Mama_Pongwe

Sili na grisi mwambie kama ulivyoziona. Ya kijana, mimi ningezungumza na kijana kwanza, halafu niende ofisini kwa meneja kwa miguu yangu.

---

Babu_wa_Korogwe

Mimi ningeandika yote. Akija kulisikia kwa mwingine itakuwa mbaya zaidi.

---

Mkonge_Muheza

Shafti imefika, naingia kufunga. Nitawasoma usiku.