Kamera ya getini inageuka yenyewe usiku, nimeshabadilisha nywila mara mbili

MamaNyegezi: Wakuu, habari za jioni. Nina nyumba ya wapangaji sita huku Nyegezi. Kamera nne za waifai na mashine ya kurekodi ziko kwenye ruta moja na wapangaji. Juzi usiku kamera ya getini iligeuka ikatazama mlango wa binti mmoja mwanafunzi. Alinipigia analia. Nikabadilisha nywila ya programu kwenye simu, jana ikageuka tena. Nifanyeje?

Sangara_Mkavu: Zima kamera uwashe, mama. Virusi vyake hufutika umeme ukikatika.

FundiKirumba: Mkuu, uko sahihi nusu. Vile vya Mirai, vilivyoshambulia kamera nyingi 2016, vilifutika kweli, ila kifaa kiliambukizwa tena baada ya dakika chache, maana nywila ilikuwa bado ya kiwandani.

Dada, nywila uliyobadilisha ni ya akaunti yako. Kamera ina ya kwake, na mafundi wengi huiacha `admin` na `123456`. Aliye kwenye waifai yako anaweza kuifungua kwa kivinjari bila kugusa akaunti yako. Toa laini ya intaneti kwanza, ingia kwenye kila kamera na kwenye mashine ya kurekodi, weka nywila mpya. Angalia pia orodha ya watumiaji. Ukikuta jina usilolijua, lifute, la sivyo atarudi kwa mlango huo.

Igombe_Ziwani: Yangu mvua ikinyesha inapotea kabisa. Labda ni antena?

FundiKirumba: Ya kwako ni mawimbi, ndugu yangu, fungua uzi wako tukusaidie.

Mhasibu_Buzuruga: Dada, washa `Guest Network` kwenye ruta, hamishia kamera huko.

FundiKirumba: Kwake itamletea shida. Mashine ya kurekodi imechomekwa kwa waya, itabaki mtandao mkuu na haitaziona kamera, picha zitaacha kurekodiwa. Ningehamisha wapangaji. Wape `Guest Network`, kisha badilisha nywila ya waifai kuu. Hakikisha `Allow guests to access my local network` imezimwa. Halafu jaribu: unga simu kwenye mtandao wa wageni, fungua anwani ya kamera. Ikifunguka, hujatenganisha kitu.

Mhasibu_Buzuruga: Lakini kompyuta yake yenye hesabu za kodi inabaki na kamera. Kamera ikishikwa, naye kaingiliwa. Bora ruta ya pili ya kamera na mashine peke yake.

FundiKirumba: Hilo silipingi, ni suala la fedha tu.

MamaNyegezi: Asanteni sana. Kwenye orodha nimekuta mtumiaji `test`, sikumweka mimi, nimemfuta. Wapangaji wako mtandao wao, na simu ya binti haifungui kamera tena. Imebaki moja ya nyuma, ya zamani: nywila mpya inakubali, nikiizima na kuiwasha inarudi `123456`.

FundiKirumba: Hiyo ichomoe leo. Baadhi ya zilizoshambuliwa 2016 zilikuwa na nywila iliyofungwa ndani, hata ukibadilisha ya ukurasani ile inabaki. Ni ya aina gani? Tuma picha ya kibandiko cha chini, ila funika namba ya siri na ile alama ya kuskani.