Mbwa wangu amekufa, na nimechoka kuambiwa "ni mbwa tu"

Wanajukwaa, naandika nikiwa na hasira, ila nitajitahidi kulinda adabu. Jumamosi iliyopita nilimzika Simba, mbwa aliyeishi nasi Morogoro kwa miaka 11. Aliletwa ndani ya kapu la sokoni wakati mwanangu wa kwanza hajaanza kutembea, na ametuacha mtoto huyo akiwa darasa la sita.

Alianza kukonda, kisha akatokwa na damu puani, na ufizi wake ukapauka kabisa. Daktari wa mifugo alisema ni ugonjwa unaoletwa na kupe, akamwanzishia dawa, na siku ya nne akaniuliza kama niko tayari achomwe sindano ya kumpumzisha. Nilijibu ndiyo, nikamshika kichwa mpaka mwisho. Neno hilo nililolitamka mwenyewe ndilo linaloniamsha saa tisa za usiku.

Nilipokuwa nachimba shimo chini ya mwembe, jirani aliniuliza kwa sauti, kutoka ng'ambo ya ua, kwa nini nisiupeleke huo mzoga jalalani. Najua ndivyo lugha yetu inavyosema, kwamba mtu hufariki akaacha maiti na mnyama hufa akaacha mzoga, wala sidai kamusi ibadilishwe. Lakini jirani huyo alikuwa akimwita Simba kwa jina kila alipokuja kuazima ngazi, na jina hilo lilimpotea mdomoni siku ileile. Jumatatu niliomba ruhusa ya nusu siku kazini, msimamizi wangu akacheka mbele ya wenzangu na kuuliza matanga yanalala wapi. Shemeji yangu, ambaye ninamheshimu, aliniahidi kuninunulia mwingine.

Nimejiuliza kwa nini watu wenye huruma hugeuka hivi. Msiba kwetu una njia yake: kuna turubai, kuna mkeka, kuna rambirambi, na asiyejua la kusema hukaa tu pale mkekani na ukaaji wake unatosha. Mbwa hana mkeka, kwa hiyo mtu aliyekosa la kufanya huona afadhali acheke. Tena mbwa wengi mitaani kwetu hulala bandani kwa kazi ya ulinzi, na wengine wanadhani nimepotelewa na kufuli la geti. Hawajui kwamba kila siku saa kumi na mbili jioni nilikuwa nampakulia ugali na dagaa, na kwamba juzi nilijikuta nimesimama mlango wa nyuma na sufuria mkononi, nikisubiri nisikie kucha zake kwenye saruji.

Sikuomba turubai. Niliomba neno moja, pole, ambalo tunampa hata mtu aliyejikwaa barabarani.

Mama_Wawili: Pole sana, ndugu. Hata hivyo niseme ukweli: mimi nilimzika mtoto mwaka 2019, na nikisoma neno msiba likitumika kwa mbwa, moyo unanichoma. Pengine wanaokucheka wanaogopa mizani hiyo.

Mwenye uzi: Dada, pole nawe, na nimekuelewa. Sijaweka vitu hivyo kwenye mizani moja, wala sitaweka.

Kijana_wa_Pwani: Kwetu mbwa ni najisi, hafugwi ndani. Ndiyo sababu ya watu kukushangaa, hakuna nyingine.

Bi_Mkubwa: Mwanangu, wanaofuata madhehebu ya Shafii huosha kilichoguswa na mate ya mbwa mara 7, moja kwa udongo. Hiyo ni tohara. Haimkatazi mtu kumhurumia mnyama, na hadithi ya aliyesamehewa kwa kumnywesha mbwa mwenye kiu unaijua. Mimi paka wangu alipokufa nilichekwa vilevile, na paka si najisi.

Daktari_Mifugo: Jambo hili lina watafiti wake. Kenneth Doka alitoa kitabu mwaka 1989 kuhusu huzuni ambayo jamii haiipi haki ya kuombolezwa, na kifo cha mnyama wa nyumbani kimo. Ninachokiona kazini ni kwamba mwenye mbwa hulemewa zaidi na uamuzi wa sindano, kwa sababu ndugu wa marehemu kwa kawaida hawaamui siku ya kifo. Kuhusu kupe, vimelea vya ugonjwa wanaouleta vinaweza kukaa mwilini miezi mingi, hata miaka, bila dalili. Damu ya puani pamoja na ufizi mweupe mara nyingi huonyesha kwamba uboho umeacha kutengeneza damu, na hapo dawa mara nyingi hushindwa.

Mkulima77: Ni dawa gani nzuri ya kupe? Wangu wawili wanajikuna.

Mwenye uzi: Mkulima, waone wataalamu mapema, usingoje wakonde. Daktari, alianza kukonda mwezi mmoja kabla sijampeleka, nikadhani ni uzee. Kama ningempeleka wiki ile ya kwanza?

Daktari_Mifugo: Bila kipimo cha damu cha wakati ule, siwezi kukujibu ndiyo wala hapana. Pole sana kwa Simba.