"Simu ina kitovu, kitafute": nimejibiwa hivi na aliyeniuzia kisahani cha kuchajia

NimechokaKabisa
Wadau, naandika huku vidole vinatetemeka. Ujumbe wa sauti nimeusikiliza sasa hivi, bado wa moto, na aliyeutuma mnamjua wote. Yule yule. Simtaji, maana nusu ya watu humu wana kitu walichonunua kwake wakakijutia.

Jana saa nne usiku nimelaza simu kwenye kile kisahani chake cha kuchaji bila waya. Chaji ilikuwa asilimia 31. Taa ikawaka, nikalala. Saa kumi alfajiri nanyoosha mkono niangalie saa, mama yangu! Simu ina moto wa kunyooshea sketi za darasa zima. Asilimia 34. Saa sita nzima, asilimia 3! Ningeifunga mgongoni na kukimbia nayo ingejaa haraka zaidi.

Nikainyanyua, nikairudisha. Ikalia kile kimlio cha kuanza kuchaji, nikahesabu mpaka nane, kimya, taa inakonyeza. Nikaisogeza kushoto. Ikalia. Kimya. Kulia. Ikalia. Kimya. Mpaka kunakucha nimelea simu kama mtoto mwenye homa.

Asubuhi nikamwandikia kwa adabu zote: kaka, kisahani kinapata moto na kinakata chaji, naomba msaada. Akanijibu kwa sauti, sekunde 11, nyuma watu wanacheka: "Dada, simu ina kitovu. Kitafute."

Kitovu! Mimi nimelipa, nimekesha, nimeungua kidole, naambiwa nitafute kitovu.

KidoleJuu
Sasa dada ulikipata au bado? 😂😂😂

NimechokaKabisa
KidoleJuu usinichokoze leo.

WayaDaima
Ndiyo maana mimi na waya hadi kaburini. Unachomeka, unalala, unaamka 100. Shida yangu ni moja tu, hizi kebo zao zinakatika shingoni baada ya miezi miwili. Ya tatu hii nimeifunga kwa uzi.

NusuMkate
Dada pole. Tatizo ni kava nene, hakuna jingine. Chaji ya bila waya haipiti kwenye kava. Toa kava tupa kule, yataisha. Halafu usithubutu kutumia kichwa kikubwa cha chaja, kile cha wati 65 kitalazimisha umeme uingie na simu italipuka.

Mgeni07
Samahani wakuu, hicho kisahani kinachaji na redio? Yangu ni ya betri mbili kubwa.

KidoleJuu
Mgeni07 itafutie kitovu kwanza.

MzeeWaKoili
Dada, naomba unijibu mambo mawili kabla hujamla mtu nyama. Kava lako lina chuma chochote, pete ya kidole, sumaku, bamba la kishikio cha gari? Na kichwa ulichochomekea kisahani kimeandikwaje?

NimechokaKabisa
Mzee, kava ni nene kidogo, na ndani yake kuna kibamba cha chuma nilichokibandika mimi ili simu ikamatwe na sumaku ya kwenye gari. Kidogo tu, nusu ya kiberiti. Kichwa ni cha simu yangu ya zamani, kimeandikwa 5V 1A. Lakini mzee, kitovu! Watu walikuwa wanacheka nyuma!

MzeeWaKoili
Hapo pameeleweka. Kicheko kiweke pembeni kidogo.

Ndani ya kisahani kuna waya umezungushwa duara, hiyo ndiyo koili. Ndani ya mgongo wa simu iko nyingine, kwenye simu nyingi inakaribia katikati. Ya chini inatikisa sumaku zaidi ya mara laki moja kwa sekunde, ya juu inaudaka mtikisiko huo na kuugeuza umeme. Sasa wewe katikati yao umeweka chuma. Chuma nacho kinadaka, ila hakina betri ya kujaza, kwa hiyo chote kilichoingia kinakuwa moto. Nusu wati tu ikiingia kwenye kipande kidogo inatosha kukuunguza vidole. Ulichogusa saa kumi alfajiri ni kibamba hicho kikiipasha simu mgongo usiku kucha.

Na kule kukatakata, kisahani kilikuwa kinajihami. Simu inakipa habari kila mara: nimepokea kiasi hiki. Kisahani kinalinganisha na kilichotoa. Pengo likizidi, kinajua kuna kitu kingine kinakula njiani, kinakata, taa inakonyeza. Sekunde zako nane ndizo hizo. Ukisogeza simu kidogo, kibamba kinatoka kidogo kwenye njia, hesabu inakubali, kinaanza tena, halafu hesabu inakataa tena.

NusuMkate, kuhusu kava uko nusu barabara. Mtikisiko wa sumaku unapita kwenye plastiki na raba, mradi unene usizidi milimita 3 hivi. Ukizidi hapo koili zinaachana mbali, chaji inadhoofu na joto linaongezeka. Lakini wati 65 hazilazimishi chochote. Kisahani kinavuta kile kinachokihitaji tu. Kichwa cha huyu dada ndicho dhaifu, 5V 1A ni wati 5, zikipotea njiani simu inabaki na 3 hivi.

NusuMkate
Mzee, kava langu lilikuwa bila chuma na bado simu ilipata moto. Sikubali.

MzeeWaKoili
Uliiweka katikati?

NusuMkate
Niliiweka mezani kama watu wote.

KidoleJuu
Kitovu kimerudi jamani 😂

MamaPacha
Msicheke. Mimi kava langu ni la pochi, kadi zinakaa mgongoni. Nimechaji hivyo wiki mbili, simu ya moto, nikasema labda ndivyo zilivyo. Siku moja kadi ya kufungulia geti kazini ikagoma. Nikapewa mpya, wiki ijayo nayo ikagoma. Mlinzi akaanza kunitazama kama mwizi. Leo mzee ndiyo unanifumbua macho.

MzeeWaKoili
Mama Pacha, kadi hizo nazo zina koili nyembamba ndani, na kijumba cha umeme kilichozoea chakula kidogo sana. Umekipa sahani ya mzee mzima. Toa kadi zote kabla ya kuchaji, hata ya benki.

Dada NimechokaKabisa, fanya jaribio. Simu tupu bila kava, nusu saa. Halafu kava bila kibamba, nusu saa. Halafu rudisha kibamba, lakini hapo usiondoke, gusa kila baada ya muda mfupi. Kila mara anza kwa kuisogeza taratibu, upana wa nusu kidole, mpaka taa itulie.

WayaDaima
Jaribio la saa nzima ili uchaji simu. Mimi nachomeka.

KatikaKebo
WayaDaima, zako zinakatika shingoni, zangu zinalegea mlangoni. Lazima niegemeze simu kwenye glasi ya maji ndiyo ichaji. Mlango wa kuchajia ndio ugonjwa wa taifa zima la simu.

NimechokaKabisa
Nimerudi. Nimefanya yote, na hasira haijapungua, niseme wazi.

Simu tupu: 36 hadi 43 kwa nusu saa. Taa imetulia, mgongo una uvuguvugu tu. Kava bila kibamba: 43 hadi 49, uvuguvugu umezidi kidogo. Nikarudisha kibamba: kimlio, hesabu mpaka nane, kimya. Nikasogeza simu upana wa vidole viwili hivi, ikaanza, ikakaa kama dakika nne, nikachomoa kibamba mkononi. Mzee, hakishikiki. Nimekiangusha sakafuni.

Kwa hiyo ni kibamba. Sawa. Lakini yeye hakuuliza kibamba! Hakuuliza kava wala kichwa! Mzee ameuliza maswali mawili akajua. Yeye anauza vitu hivi kila siku, akanipa sekunde 11 za kicheko na kitovu. Na pale kaunta kwake mnajua anauza nini kingine? Vibamba hivyo hivyo! Nilivinunua pamoja, kwenye mfuko mmoja!

KidoleJuu
Hapo nimeacha kucheka dada. Mfuko mmoja?

NimechokaKabisa
Mfuko mmoja, KidoleJuu. Akafunga na fundo.

MzeeWaKoili
Hilo kosa ni lake. Na mimi kuna jambo bado linanisumbua. Kisahani kizuri kingekata kabla kibamba hakijafika joto la kutoshikika. Chako kikikaribia kikomo kinaachia dakika nne. Ama kipimo chake ni kilegevu, ama kibamba kilikaa pembeni kiasi kwamba pengo lilijificha. Kwa mbali siwezi kuapa ni lipi.

NusuMkate
Mimi naapa ni kisahani kibovu. Na changu pia.

MzeeWaKoili
Chako hukuweka katikati.

MamaPacha
Mzee, mimi nimetoa kadi, naiweka katikati kabisa, taa imetulia, lakini asubuhi naikuta imeacha kwenye 60. Hakuna chuma.

MzeeWaKoili
Simu yako inatetemeka ujumbe ukiingia?

MamaPacha
Kundi la familia halilali.

MzeeWaKoili
Basi inatembea. Mgongo wa kioo juu ya kisahani laini, kila mtetemo unaisogeza kidogo, ikifika nje ya koili inaacha. Zima mtetemo usiku, au bandika kipande cha raba nyembamba juu ya kisahani simu isiteleze. Vile visahani vya Qi2 vilivyotangazwa 2023 vina duara la sumaku linaloivuta simu mahali pake, ila simu nayo lazima iwe na sumaku zake, ndani au kwenye kava lililotengenezwa hivyo. Hizo zimepangwa kuizunguka koili, haziizibi kama kibamba cha gari.

Mgeni07
Kwa hiyo redio haichaji?

MamaPacha
Hapana mwanangu.

NimechokaKabisa
Nimemtumia picha ya kibamba na maneno ya mzee yote. Ameona, alama mbili za bluu. Hajajibu. Jana kicheko, leo bubu.

WayaDaima
Turudi kwenye mambo ya maana. Nani anajua kebo isiyokatika shingoni?

KatikaKebo
Yenye kichwa kilichokunjwa, ile inayolala. Lakini kwenye mlango uliolegea haisaidii, inapinda ndani.

WayaDaima
Mlango wako una vumbi. Chokonoa kwa kijiti cha meno, simu ikiwa imezimwa.

KatikaKebo
Nimechokonoa jana. Kijiti kimekatikia ndani.

KidoleJuu
😂😂😂 Hii nayo tumuulize yule wa kitovu?

KatikaKebo
Wakuu siyo utani, nina asilimia 9. Kinatolewaje?